Fishi za wateja na konti 411: namna tunavyofunga mwezi katika depo moja ya Kamituga

Mimi niko na lisansi ya agronomia, si ya komptabilite. Lakini munajua wenyewe namna kazi inavyopatikana kwetu: unasomea udongo na mbegu, halafu unajikuta katika depo ya chakula, na siku ya tatu patroni anakuwekea madaftari mezani. Njo maana leo naandika juu ya madaftari. Si yote, ni kipande kimoja tu, kile ambacho naona vijana wengi wanaokuja staji kwetu wanakifanya bila kujua kinatumika kwa nini: namna ya kuchukua jurnali ya mauzo, jurnali ya manunuzi na jurnali ya mapokezi ya kesi, na kuzipeleka kwenye fishi za kila mtu na kwenye konti ya pamoja mwisho wa mwezi.

Kwanza muelewe mahali. Kamituga inaishi kwa dhahabu tangu wakati wa Wabelgiji. Depo yetu inauza unga wa mihogo, mchele, maharagwe na mafuta ya mawese, na wateja wakubwa ni wapedeje, maana yake wenye mashimo. Pedeje analisha wachimbaji wake wakati shimo bado linapita kwenye jiwe tupu, na kipindi hicho kinaweza kuchukua wiki au miezi. Pesa hana. Anachukua chakula kwa deni, akitegemea kwamba shimo litatoa. Nyuma ya pedeje kuna mama mwenye resto anayepikia wachimbaji, naye anachukua kwa deni juu wachimbaji wanakula kwa deni. Upande mwingine sisi wenyewe tuko na deni kwa muuzaji wa jumla wa Bukavu, kilometa kama 180 kwa ile barabara munayoijua. Kwa hiyo depo inasimama katikati ya madeni ya pande mbili. Mtu akikosea fishi moja, anaenda kudai mtu asiye na deni, mbele ya watu wake, katika mji ambapo kila mtu anajua kila mtu.

Sasa kazi yenyewe. Kila karatasi inayoingia katika depo inaandikwa kwanza katika jurnali moja, kufuatana na aina yake. Fakitire tuliyompa mteja anayechukua kwa deni inaingia katika jurnali ya mauzo. Fakitire tuliyopewa na muuzaji kwa deni inaingia katika jurnali ya manunuzi. Pesa yoyote inayoingia katika sanduku, itoke kwa nani, inaingia katika jurnali ya mapokezi ya kesi. Muangalie hapa vizuri: mauzo ya pesa taslimu hayaingii katika jurnali ya mauzo. Mama akinunua kilo tano za unga na kulipa pale pale, ile pesa inaenda moja kwa moja katika mapokezi ya kesi. Ukiandika pande zote mbili umeuza gunia moja mara mbili.

Kutoka kwenye jurnali kuna njia mbili, na hapa njo roho ya mambo yote. Njia ya kwanza inapita kila siku: mstari mmoja mmoja wa jurnali unapelekwa kwenye fishi ya mtu anayehusika. Fishi zote za wateja pamoja njo leja saidizi ya wateja. Fishi zote za wauzaji njo leja saidizi ya wauzaji. Njia ya pili inapita mara moja tu kwa mwezi: unajumlisha safu ya jurnali, na jumla hiyo peke yake inapelekwa katika leja kuu, kwenye konti ya pamoja. Wale waliosoma kwa vitabu vya Tanzania ao Kenya wanaiita akaunti ya udhibiti. Sisi tulifundishwa kusema konti kolektifu. Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012, na katika plani ya SYSCOHADA konti ya wateja ni 411, ya wauzaji ni 401. Namba ni msaada tu, kazi ni ileile.

Nichukue mwezi wa Machi, na hesabu nimezifanya nyepesi ili muzifuate. Naziweka kwa dola kwa sababu hapa tunauza kwa dola, ingawa vitabu rasmi sheria inataka viwe kwa franka. Tuko na wateja wanne tu wa deni: pedeje, mama wa resto, butiki ya sokoni, na koperative ya wachimbaji. Tarehe 1 Machi pedeje alikuwa na deni la 640, resto 150, butiki 310, koperative hakuna kitu. Jumla ni 1.100, na konti 411 katika leja kuu nayo inaanza mwezi na 1.100 upande wa debi. Isipoanza sawa, usiendelee. Rudi Februari.

Jurnali ya mauzo ya Machi iko hivi:

3 Machi, fakitire 112, pedeje: 480
6 Machi, fakitire 113, resto: 120
11 Machi, fakitire 114, butiki: 350
17 Machi, fakitire 115, koperative: 700
22 Machi, fakitire 116, pedeje: 260
28 Machi, fakitire 117, resto: 90
Jumla: 2.000

Tarehe 3, siku ileile, mwenye kushika fishi anatoa fishi ya pedeje na kuandika 480 upande wa debi, juu pedeje amechukua. Halafu anarudi kwenye jurnali na kuandika namba ya fishi katika kasafu kadogo pembeni ya mstari. Kale kasafu watu wanakadharau, lakini tutakahitaji. Anafanya vile kwa mistari yote sita. Leja kuu haijaguswa bado. Ni tarehe 31 tu ambapo anachukua ile jumla ya 2.000 na kuandika mara mbili: debi katika konti 411, kredi katika konti 701 ya mauzo ya bidhaa. Chini ya jumla anaandika zile namba mbili za konti, ili mtu anayekuja kesho asiandike tena.

Kwa nini tusiandike kila fakitire moja kwa moja katika leja kuu? Kwa sababu depo ya kweli haina fakitire sita kwa mwezi, iko na mia mbili ao mia tatu. Leja kuu ingejaa, na usingeona tena depo inaenda wapi. Kwa jumla ya mwezi, konti 411 inabeba mistari michache tu: ilianza na ngapi, iliongezeka ngapi, ilipungua ngapi. Patroni anaisoma kwa dakika moja.

Jurnali ya mapokezi ya kesi iko nzito kidogo kwa sababu pesa inayoingia inatoka mahali pengi. Njo maana iko na safu nyingi. Upande wa debi kuna safu ya kesi, na safu ya punguzo tunalompa mteja anayelipa mapema. Upande wa kredi kuna safu ya wateja, safu ya mauzo ya taslimu, na safu ya mengineyo. Machi ilikwenda hivi. Pedeje alilipa 400 tarehe 5, na 300 tarehe 30. Resto ililipa 150 tarehe 8. Koperative ililipa 500 tarehe 25. Butiki ya sokoni tarehe 15 ilifuta 300 ya deni lake, lakini kwa sababu ililipa mbele ya siku tulizopatana, tuliiachia asilimia 2, maana yake dola 6. Katika sanduku iliingia 294. Mauzo ya taslimu tunaandika jumla ya kila wiki: 315, 290, 340 na 275. Na tarehe 20 patroni mwenyewe aliongeza 500 yake mfukoni, juu gari lilikwama njiani na tulihitaji kununua vitu vya haraka.

Safu ya wateja inatoa 1.650. Mauzo ya taslimu yanatoa 1.220. Mengineyo ni 500. Jumla ya kredi ni 3.370. Upande wa debi, kesi ilipokea 3.364 na punguzo ni 6, pamoja 3.370. Hili jaribio la pande mbili linafanywa mbele ya kupeleka kitu chochote katika leja kuu. Kama safu hazilingani zenyewe kwa zenyewe, kosa liko ndani ya jurnali, na kulipeleka mbele ni kulisambaza.

Sasa muone namna zinavyopelekwa, kwa sababu kila safu iko na desturi yake. Safu ya wateja inapita njia zote mbili: mstari mmoja mmoja kwenye fishi, kila siku, na jumla ya 1.650 kwenye kredi ya 411 mwisho wa mwezi. Safu ya mauzo ya taslimu inapelekwa jumla tu, 1.220 kwenye kredi ya 701. Haina fishi, kwa sababu mama aliyelipa pale pale hana deni la kufuatilia. Jumla ya kesi, 3.364, inaenda debi ya konti 571. Punguzo la 6 linaenda debi ya 673. Lakini safu ya mengineyo ni kinyume: jumla yake haipelekwi kamwe. Ile 500 ya patroni inapelekwa peke yake kwenye konti yake, siku ileile, kwa sababu mwezi mwingine ndani ya safu hiyo kunaweza kulala mkopo, magunia matupu yaliyouzwa, na pesa ya patroni, na jumla ya vitu vitatu visivyofanana haina konti ya kwenda.

Kuhusu butiki, wanastaji wengi wanasimama pale. Kwenye fishi yake tunaandika 300 ao 294? Ni 300. Deni lililofutika ni 300, ile 6 tumeiachia wenyewe, haiko tena deni lake. Ukiandika 294 kwenye fishi, butiki itabaki na dola 6 za uwongo mwezi hadi mwezi, na siku moja kijana atatumwa kwenda kuzidai.

Tarehe 31 jioni konti 411 iko hivi: ilianza na 1.100, ikaongezeka 2.000, ikapungua 1.650, ikabaki 1.450. Ni mistari mitatu tu. Kisha unachukua fishi, unazijumlisha moja moja. Pedeje: 640, jumlisha 480 na 260, toa 400 na 300, inabaki 680. Resto: 150, jumlisha 120 na 90, toa 150, inabaki 210. Butiki: 310 jumlisha 350, toa 300, inabaki 360. Koperative: 700 toa 500, inabaki 200. Uziandike zote nne kwenye karatasi moja, orodha ya masalio ya wateja, na ujumlishe: 680, 210, 360 na 200 ni 1.450. Njia mbili zimefika kwenye mlango mmoja.

Manunuzi yanakwenda sawa vile, ila pande zinageuka, basi nitapita haraka. Muuzaji wa Bukavu tulianza mwezi na deni lake la 800, mwenye mawese wa Kitutu 120, na mwenye maharagwe hakuna. Konti 401 inaanza na 920 upande wa kredi. Jurnali ya manunuzi ya Machi: Bukavu 900 na 530, mawese 240, maharagwe 380, jumla 2.050. Jumla hiyo inaenda debi ya 601 na kredi ya 401, na kila mstari kwenye fishi ya muuzaji wake. Malipo tuliyoyafanya hayamo katika jurnali hizi tatu, yamo katika jurnali ya matoleo ya kesi: 1.300 kwa Bukavu, 200 kwa mawese, 200 kwa maharagwe, pamoja 1.700. Konti 401 inabaki 1.270, na fishi zinasema 930, 160 na 180, ni 1.270 pia. Jambo moja tu la kuongeza: sisi hatuandiki fakitire ya Bukavu siku inapotumwa kwa simu. Tunaiandika siku gari linapofika na magunia kuhesabiwa, juu kwenye ile barabara gunia linaweza kuondoka kamili na kufika nusu, na fishi ya muuzaji inapaswa kubeba kile tulichokipokea kweli.

Sasa nije kwenye kisa ambacho kilinifanya niandike haya. Kilitokea kwetu, na nimekiingiza katika hesabu za Machi ili mukifuate na namba zilezile.

Tarehe 2 Aprili patroni alichukua fishi ya pedeje na kuona deni la 980. Akampigia simu. Pedeje akajibu kwamba tarehe 30 jioni alileta 300 yeye mwenyewe, akampa dada wa kesi, akapewa risiti. Risiti iko wapi? Imepotea, nguo zilifuliwa. Kwenye fishi, hakuna 300. Patroni akafunga daftari na kusema maneno ambayo sitayaandika hapa. Kwa kifupi, kwake yeye dada wa kesi amekula dola 300, na ilikuwa karibu kumfukuza siku ile ile. Dola 300 kwetu ni mshahara wa miezi.

Tuliomba saa moja tu kwanza. Fishi zote nne zikajumlishwa jinsi zilivyokuwa: 980, 210, 360 na 200, jumla 1.750. Konti 411 katika leja kuu ilikuwa inasema 1.450. Tofauti ni 300. Patroni aliona ile tofauti kama ushahidi kwamba pesa imepotea. Kumbe ilikuwa ushahidi wa kinyume, na hapa naomba musome polepole.

Konti 411 haikujazwa kutoka kwenye fishi. Ilijazwa kutoka kwenye jumla ya safu ya wateja katika jurnali ya mapokezi. Kama dada angepokea 300 na kuificha bila kuiandika, ile safu ingetoa 1.350 badala ya 1.650, na konti 411 ingebaki 1.750. Ingelingana na fishi kabisa! Hakuna tofauti ambayo ingeonekana. Kwa vile konti ilisema 1.450, ile 300 ilikuwa imeandikwa katika jurnali, na mwenye kuandika jurnali ni yeye dada. Mtu anayekula pesa haandiki kwamba ameipokea.

Ilibaki swali moja: labda aliandika, halafu akachukua ndani ya sanduku? Hilo linajibiwa na konti 571. Kesi ilianza mwezi na 410, ikapokea 3.364, ikalipa wauzaji 1.700 na matumizi mengine 694. Salio la kitabu ni 1.380. Sanduku lilihesabiwa jioni ya tarehe 31 na watu wawili, na karatasi ya hesabu iliyosainiwa inasema 1.380. Pesa ilikuwa imeandikwa, na ilikuwa ndani.

Basi kosa liko upande wa fishi. Kutafuta, tulianza na tofauti yenyewe. 300 inaweza kuwa pokezi zima la 300 ambalo halikufika kwenye fishi, na Machi kulikuwa na mawili, la butiki na la pedeje. Inaweza pia kuwa 150 iliyoandikwa upande usio wake, kwa sababu kitu kikiwekwa debi badala ya kredi, tofauti inakuwa mara mbili yake. Na resto ililipa 150 kweli. Haiwezi kuwa tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi, kama 260 kuandikwa 620, kwa sababu tofauti ya namna hiyo inagawanyika kwa 9 daima, na 300 haigawanyiki. Kwa hiyo sehemu za kuangalia zilikuwa tatu tu katika daftari zima. Na pale kale kasafu kadogo kakatusaidia: mstari wa tarehe 30, pedeje 300, hapakuwa na namba ya fishi pembeni. Kijana anayeshika fishi alikuwa amesafiri kwenda matanga Mwenga tarehe 30 mchana, na aliporudi alianza kuandika mambo ya Aprili. Fishi ya pedeje ikaandikwa 300, ikarudi 680, na orodha ikarudi 1.450.

Tangu siku ile naona konti ya pamoja kwa jicho lingine. Lakini nisiwadanganye, haioni kila kitu. Kama malipo ya resto yakiandikwa kwenye fishi ya butiki, jumla ya fishi haibadiliki, na konti 411 haisemi kitu, ingawa fishi mbili zimekosewa. Kama fakitire 115 haikuandikwa katika jurnali kamwe, haimo kwenye fishi, haimo kwenye konti, na vyote vinalingana vizuri sana bila ile 700. Na kama fakitire ya 350 iliandikwa 530 ndani ya jurnali yenyewe, kosa linapita njia zote mbili likiwa sawa. Kulingana maana yake ni kwamba njia mbili zilibeba kitu kilekile. Haisemi kama kile kitu kilikuwa cha kweli tangu mwanzo. Kwa yale ya jurnali, dawa ni fakitire zenye namba zinazofuatana: kila mwisho wa mwezi tunahesabu 112, 113, 114 hadi mwisho, na namba inayokosekana inatafutwa, hata kama iliharibika na kutupwa. Nakala iliyoharibika tunaibandika katika kitabu cha fakitire.

Kuna pia desturi moja mbaya ambayo nimeiona katika depo zaidi ya moja. Mwisho wa mwezi mtu anajumlisha fishi, anapata 1.750, halafu anaenda kuandika 1.750 katika leja kuu «ili zilingane». Zitalingana, ndiyo, kila mwezi, miaka yote. Lakini umeua njia ya pili. Kwa dada wetu wa kesi, hesabu ya namna hiyo ingemfukuza kazi, kwa sababu hakuna kitabu ambacho kingebishana na fishi. Heri anayeshika fishi asiwe yule anayejumlisha jurnali na kuandika leja kuu. Kama depo iko na mtu mmoja tu, patroni mwenyewe ajumlishe safu.

Wale munaofanya kwa Ekseli munaweza kuniuliza kama haya bado yanahitajika. Kwetu jurnali ya mauzo iko pia katika Ekseli, namba ya fishi katika safu ya C na kiasi katika safu ya E, na jumla ya mteja wa kwanza inatoka hivi:

```
=SOMME.SI(C:C;1;E:E)
```

Inasaidia, hakuna fishi inayosahauliwa. Lakini muone kwamba sasa fishi na jumla zinatoka kwenye jedwali lilelile kwa wakati uleule. Kulinganisha kutakuonyesha mstari usio na namba ya fishi, ao wenye namba isiyokuwepo, na si zaidi. Mwenye kuandika 1 badala ya 3 amempa pedeje deni la butiki, na Ekseli itajumlisha bila kulalamika.

Jambo la mwisho ni mteja mwenye salio la kinyume. Shimo likitoa vizuri, pedeje analeta pesa nyingi kuliko deni lake, anasema «muniwekee, nitachukua unga». Fishi yake inageuka kredi. Katika orodha usiifiche kwa kuitoa kimya kimya kwenye deni za wengine: konti ingelingana, lakini patroni angedhani anadai kidogo, na asingeona kwamba yeye njo mwenye deni la unga. Tunaandika safu mbili katika orodha, wenye deni na wenye pesa kwetu, na mwisho wa mwaka zile za kinyume zinahamishwa kwenye konti 419.

Na kwa lile kosa la fishi za watu wawili kuchanganywa, ambalo konti 411 haiwezi kuliona, tulianza kumpelekea kila mteja karatasi ndogo ifikapo tarehe 3: ulianza na ngapi, ulichukua ngapi, ulilipa ngapi, umebaki na ngapi. Anasaini ao anabisha. Mwezi wa Mei mama wa resto alibisha dola 40, akaja na risiti yake imekunjwa ndani ya kitambaa. Alikuwa na haki. Ile 40 tuliikuta kwenye fishi ya resto nyingine, karibu na soko, ambayo mwenyewe alikuwa amesaini karatasi yake bila kusema kitu.